Alipeleka majina 50 kwenye usaili wa bima, yakabaki 9

Tangazo lenyewe lilikuwa la kawaida kabisa, lile linalozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya Mwanza kila baada ya wiki mbili. "Nafasi za kazi, maofisa mauzo wa bima ya maisha. Kipato hadi milioni 2 kwa mwezi. Uzoefu si lazima." Wengi huishia kwenye hiyo milioni 2. Neno la kulitazama vizuri pale ni "hadi".

Binti aliyeliona, jina lake kapuni, ana miaka 26. Alimaliza chuo, akasoma masoko, akazunguka na bahasha mjini miaka miwili, mwisho akatua kwenye duka la vipodozi Mtaa wa Rwagasore. Analipwa 300,000 kwa mwezi. Bosi wake ana kelele, ana kisirani, ila tarehe 2 mshahara umeingia, mvua inyeshe jua liwake. Hiyo tarehe 2 itakuja kuwa na maana kubwa huko mbele.

Usaili wa kwanza ulikuwa mwepesi mpaka akaingiwa na wasiwasi. Jaza fomu, jieleze, kwa nini unataka kazi hii, asante. Halafu wakamwambia ukweli. Hakuna mshahara, ni kamisheni tupu. Arudi Ijumaa na majina 50 ya watu anaowajua, na namba zao za simu.

Sasa hapa ndipo vijana wengi hukosea. Wanaona ile karatasi ya majina ni kazi ya nyumbani, wakati hiyo ndiyo usaili wenyewe. Kampuni za bima ya maisha duniani kote zinafanya hivi, nyingine hutaka majina 100, nyingine 200. Kampuni haijui kama unajua kuuza. Inachoweza kupima siku hiyo ni kama una watu.

Binti akakaa na simu yake usiku. Ana namba 1,900 zilizohifadhiwa, na Insta ana wafuasi 6,200 kwa sababu ya zile video zake za kupaka mekapu. Majina 50 akayamaliza kwa dakika arobaini, akabakiza mengine. Alilala akiwa na uhakika kazi ni yake.

Ijumaa akamkuta meneja wa mauzo, mama wa makamo, miwani puani, ofisi ya ghorofa ya pili katikati ya mji. Shikamoo, marahaba mwanangu, kaa. Mama akachukua ile karatasi na kalamu nyekundu. Habari za "uimara wako ni upi na udhaifu wako ni upi" hazikuwepo.

"Namba 7 ni nani?"

"Rafiki yangu wa chuo."

"Anafanya kazi wapi?"

"Yupo tu kwanza, anatafuta."

Kalamu ikapita juu ya jina. Namba 12 ni kaka wa ukoo, yuko Dar. Mara ya mwisho waliongea lini? Msibani, mwaka juzi. Kalamu ikapita. Namba 19 ni mfuasi wa Insta, yule wa kuacha vimoto kwenye kila picha. Jina lake halisi nani? Kimya. Kalamu. Namba 23 mpaka 28 walikuwa madereva bajaji na bodaboda wa kijiwe cha jirani na duka. Hapo mama akacheka kidogo. "Hawa watakuuliza bima ya chombo, mwanangu. Bima ya chombo sheria inamlazimisha mtu, stika ikiisha anakutafuta mwenyewe. Sisi tunauza ya maisha. Hakuna mtu anayeamka asubuhi akaitafuta bima ya maisha. Hiyo unaifuata wewe mpaka mlangoni."

Kwa kila jina lililosalimika, mama alikuwa na maswali yaleyale matatu, na ni maswali ambayo mtu yeyote anayeitwa kwenye usaili wa namna hii angefanya vyema kujiuliza kabla hajaulizwa. Pesa ya huyu mtu inatoka wapi na inaingia siku gani? Mara ya mwisho ulipompigia, ulikuwa unaomba kitu au ulikuwa unamjulia hali? Na akikwambia hapana, kesho utaendelea kumsalimia kama kawaida?

Hili la tatu ndilo lililomchanganya binti. Alikuwa na mashangazi wawili kwenye orodha, na alijua fika wangenunua kwa kumwonea huruma. Mama naye alijua, maana ameyaona miaka mingi. Mtu wa huruma analipa miezi mitatu, huruma inaisha, anaacha kulipa, na anaanza kukukwepa kwenye shughuli za familia.

Yakabaki majina 12. Mama akasogeza simu ya binti katikati ya meza. "Mpigie huyu, huyu na huyu, weka spika. Habari ya bima usiitaje. Mwombe tu akupe dakika ishirini Jumanne."

Wa kwanza hakupokea. Wa pili alipokea akasema yupo bize, "ntakucheki", yale ya siku zote. Wa tatu alikuwa mama mmoja wa Igoma mwenye saluni, ambaye huchukua mafuta na dawa za nywele dukani kwa jumla. "Jumanne mbali, njoo hata leo. Na uje na yale mafuta ya kopo la kijani." Mama meneja akaweka alama ya vyema. Kwake yeye mtu halisi kwenye orodha ni huyo, anayepokea simu yako na kukupa muda wake bila kujua unataka nini.

Baada ya simu nyingine chache yakabaki majina 9. Kati ya 50.

Binti alishaanza kukunja mkoba. Ndipo mama akauliza kitu kingine kabisa. "Nani anakukabidhi hela yake uishike?"

Ikabidi aseme. Mama yake mzazi ni mfanyabiashara wa dagaa Mwaloni, Kirumba. Kule kuna kikoba cha wanawake 24, wanakutana kila Jumapili jioni, na kwa kuwa binti amesoma na hesabu hazimsumbui, mwaka wa tatu huu ndiye anaandika daftari na kushika ufunguo mmoja wa sanduku. Hajawahi kupotea hata shilingi.

Kalamu nyekundu ikawekwa chini. "Hawa mbona hawamo kwenye orodha?"

"Wale hawana mshahara, mama."

Jibu hilo linaeleweka, shuleni na chuoni tumefundishwa kwamba mtu mwenye kipato ni mwenye kitambulisho cha kazi shingoni. Lakini anayeijua Mwaloni anajua hela inayopita pale. Dagaa wanashuka kutoka visiwani, wanapakiwa magunia kwa magunia, wanunuzi wanatoka mpaka Kongo na Burundi. Mwanamke ambaye anaonekana kakaa juu ya ndoo na kanga kichwani anaweza kuwa ameshika mtaji unaomzidi meneja wa benki mshahara wa miezi mitatu. Shida ni kwamba hela yake haifuati tarehe ya mwezi wa kalenda. Inafuata mwezi wa angani.

Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Giza likiwa zito, taa inawavuta, boti zinajaa. Mbalamwezi ikiwaka ziwa zima, taa haina kazi, na boti zinapumzika kwa siku kadhaa. Kwa hiyo kila mwezi kuna kipindi ambacho Mwaloni hela inatembea, na kipindi ambacho hata mwenye mtaji anakula akiba. Bima ya maisha ya kawaida inakatwa tarehe moja ya kila mwezi, tuseme tarehe 5, kwa sababu imetengenezwa kwa mtu wa mshahara.

Ukiweka hizo mbili pamoja unaona tatizo. Mwezi wa angani una siku 29 na nusu, wa kalenda una 30 au 31. Mbalamwezi ikikamilika tarehe 5 mwezi huu, mwezi ujao itakamilika karibu na tarehe 4, unaofuata tarehe 3 au hapohapo. Inarudi nyuma polepole mno. Maana yake mteja wa dagaa aliyepangiwa tarehe 5 hatakwama mara moja tu, atakwama miezi minne au mitano mfululizo, kila siku ya makato inamkuta boti ziko nchi kavu. Kampuni ile inatoa siku 30 za msamaha. Akikwama, na mwezi unaofuata akakwama tena, bima imekufa. Na bima ikifa, anayeumia si mteja peke yake.

Hapo binti akavuta kiti mbele, akageuza ile karatasi ya majina upande wa nyuma, akaanza kuuliza yeye. Usaili wa kamisheni tupu una pande mbili. Kampuni inakujaribu bila kukulipa mshahara, kwa hiyo wewe ndiye unayeweka mtaji. Mwenye mtaji ana haki ya kuuliza.

Aliuliza kwanza kamisheni inahesabiwaje. Mteja wa ada ya 30,000 kwa mwezi, ambaye ndiye wa kawaida kwao, kwa mwaka ni 360,000. Wakala anapata asilimia 25 ya mwaka wa kwanza, yaani 90,000, na anapewa yote mbele. Inavutia eeh? Akauliza mteja akiacha kulipa je. Akiacha baada ya miezi minne, wakala anahesabiwa ameihangaikia theluthi moja tu ya ile 90,000. Zile 60,000 zinakatwa kwenye kamisheni zake zinazofuata. Kwa hiyo ile hela ya mbele ni kama mkopo, inakuwa yako kamili mwaka ukiisha na mteja bado analipa. Hili huwa lipo kwenye mkataba, kwa maandishi madogo, na wengi huligundua siku slipu inakuja na alama ya kutoa.

Kati ya wateja wanne wa mawakala wapya, wangapi hufika mwaka? Mama hakuficha, akasema watatu wakiwa wazuri. Binti akapiga hesabu palepale. Wateja wanne ni 360,000, mmoja anakufa njiani inarudi 60,000, zinabaki 300,000. Mteja mmoja kwa uhalisia ni 75,000, na bado kodi ya zuio inakatwa kabla hujaiona.

Upande wa pili akaandika maisha yake. Chumba Nyakato 70,000, chakula, umeme, mchango wa mdogo wake aliyeko shule, jumla 280,000. Kazi ya kuzunguka nayo inakula: daladala, bodaboda, bando na vocha, akaweka 90,000 kwa mwezi. Jumla 370,000. Ukigawa kwa 75,000 unapata wateja watano kila mwezi, na hapo hajanunua hata kiatu.

Wateja watano wanatoka kwa watu wangapi? Mama akasema kwa uzoefu wake, ukiongea na watu kumi watatu watakusikiliza mpaka mwisho, mmoja atasaini. Basi ni watu 50 kwa mwezi. Na binti ana 9 wa orodha, ukijumlisha wale 24 wa kikoba ni 33. Orodha yake nzima, ile iliyopita kwenye kalamu nyekundu, haimfikishi mwisho wa mwezi wa kwanza. Baada ya hapo atakuwa anaongea na watu asiowajua, na huo ni mchezo mwingine kabisa.

Hesabu hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini ofisi nyingi za namna hii zinaajiri kila wiki. Kijana anakuja na ndugu na marafiki, anauza kwa hao, wakiisha anaondoka mwenyewe kwa nauli yake. Aliuliza hilo pia, kwa adabu. Mwaka jana mama aliwachukua wangapi, na wamebaki wangapi? Kumi na wanne, wamebaki watatu. Meneja anayekupa namba hiyo bila kuzungusha unaweza kuendelea kuongea naye. Akikujibu "inategemea na juhudi zako", hiyo nayo ni namba, ila mbaya.

Mengine yalipita haraka. Wakala husajiliwa na TIRA, kwa hiyo aliuliza nani analipia mafunzo na usajili. Kampuni ile inalipa, ila ukiondoka kabla ya mwaka unarudisha. Hela ya mteja inapita wapi? Moja kwa moja kampuni, kamwe si kwenye namba ya wakala. Hapo hakuna mjadala. Wakala anayepokea ada kwenye simu yake ana siku moja tu ya kubanwa na shida ya nyumbani kabla hajawa mwizi. Na kamisheni inatoka lini? Mteja akisaini mwanzoni mwa mwezi wa tatu, wakala ataona hela tarehe 15 mwezi wa nne. Ukiweka na wiki za mafunzo na usajili kabla ya hapo, ni kama miezi miwili bila kipato. Akiba ya binti ilikuwa 410,000. Ingemfikisha mwezi mmoja na siku chache.

Swali lililobaki halikuwa la meneja. Jumamosi akaenda Kirumba akamweleza mama yake mzazi, akitegemea atafurahi. Mama akaendelea kupembua dagaa, akauliza kitu kimoja. "Mtu akifa, na hao wakakataa kulipa, ataulizwa nani pale Jumapili?"

Na kweli bima inaweza kukataa. Fomu ina maswali ya afya, presha, sukari, matibabu ya nyuma. Wakala mwenye haraka ya kamisheni anajaza "hapana" mstari mzima, mteja anasaini bila kusoma. Siku ya msiba kampuni inafukua faili la hospitali, inasema mlidanganya, familia inatoka mikono mitupu. Kwa binti huyu, jambo hilo likitokea mara moja tu kwenye kikoba, anapoteza daftari, ufunguo, na jina la mama yake alilolijenga Mwaloni miaka ishirini. Hiyo haimo kwenye hesabu ya 75,000.

Jumatatu akarudi ghorofa ya pili na masharti yake. Dukani haachi, atauza jioni na Jumapili. Watu wa kikoba hawataandikiwa malipo ya kila mwezi, wataandikiwa ya miezi mitatu mitatu, ili ndani ya kila malipo viwemo vipindi vitatu vya giza, na akiba ya bima iwekwe kidogo kidogo kwenye mkutano. Na fomu za afya zitasomwa kwa sauti, swali kwa swali, mteja ajibu mwenyewe.

Mama meneja alikubali la fomu na la miezi mitatu, akamkumbusha kwamba kwa utaratibu huo hakuna 90,000 ya mbele, atapata 22,500 kila mteja anapolipa. Binti akasema afadhali, maana ya hivyo hakuna wa kuja kuidai. La kubaki dukani lilizua mvutano. Mwisho likawekwa sharti, wateja watatu ndani ya miezi mitatu la sivyo usajili wake hautaendelezwa.

Nusu mwaka baadaye daftari lake liko hivi. Kati ya wale 9 wamenunua wawili, yule wa saluni Igoma na rafiki mmoja wa zamani. Rafiki aliacha kulipa mwezi wa nne, na 60,000 ikarudi ilikotoka. Kikoba kimetoa watatu, wote wameshalipa mara mbili bila kukwama. Jumla iliyoingia ni 255,000 kabla ya kodi na nauli. Gawa kwa miezi sita, ni 42,500 kwa mwezi. Tarehe 2 bado yupo Rwagasore anasubiri mshahara na kusikiliza kelele za bosi.

Mama yake mzazi hajanunua. Anasema hana haraka, anasubiri kwanza aone mtu mmoja amelipwa.